Fahamu: Kwa nini salamu hukufanya uhisi umeonekana

Ni nini?
Salamu ni ishara ndogo, hata jicho tu, inayokujulisha kuwa mwenzako ametambua kwamba upo.

Jaribio la njiani
Mwaka 2012 mwanasaikolojia Eric Wesselmann na wenzake walichapisha jaribio la chuoni Marekani. Mtafiti alipishana na mpita njia: ama alimtazama machoni, ama alimtazama akitabasamu, ama alipitisha macho kana kwamba pale pana hewa tupu. Hatua chache mbele, mtafiti mwingine alimuuliza: dakika hii iliyopita umejihisi mbali na watu kiasi gani? Waliotazamwa, kwa tabasamu au bila, walijihisi mbali na watu kwa kiwango cha chini kuliko waliopitiwa kama hewa.

Mpaka wake
Jaribio lilipima hisia za dakika ile tu. Hata hivyo, shikamoo iliyokosa marahaba huuma, hata kama mzee hakusikia.