Theluthi Mbili za Lori

Mwaka 1957 Ralph Gomory, mwanahisabati kijana wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, alikuwa akilishauri Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo. Katika kikao kimoja wataalamu walieleza jinsi hesabu zao zinavyopanga vikosi vya meli. Mmoja wao akataja kwamba ingependeza majibu yatoke kwa namba kamili, maana jibu la manowari 1.3 za kubeba ndege halimsaidii mtu. Gomory alilichukua tatizo hilo, na mwaka 1958 akachapisha njia ya kulitatua. Njia yenyewe ni fupi kiasi cha kuweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi, na hapa tutaifuata kwa malori.

Tuseme chama cha ushirika kinataka kusafirisha mahindi mengi iwezekanavyo kwa siku moja. Lori kubwa linabeba tani 9 na kulikodi ni laki 5. Lori dogo linabeba tani 5 na kulikodi ni laki 2. Chama kina laki 25 na madereva 7. Je, kikodi malori makubwa mangapi na madogo mangapi?

Tuyaite makubwa M na madogo D. Madereva watakaokosa lori tuwaite k, na laki zitakazobaki b. Masharti yote mawili yanaandikwa hivi:

```
M + D + k = 7
5M + 2D + b = 25
```

Hesabu za namna hii hutatuliwa kwa njia ya simpleksi, aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947. Njia hiyo hupanga milinganyo katika jedwali, kisha huibadilisha hatua kwa hatua mpaka isiwezekane tena kuongeza faida. Jedwali letu la mwisho linasema hivi:

```
M − (2/3)k + (1/3)b = 11/3
D + (5/3)k − (1/3)b = 10/3
```

Asipobaki dereva hata mmoja wala shilingi, k na b ni sifuri. Hapo malori makubwa ni 3.67, madogo 3.33, na mzigo ni tani 49.67. Kwa masharti tuliyoyaandika hakuna jibu lenye mzigo mkubwa kuliko huo. Tatizo ni kwamba hakuna mwenye lori atakayekukodisha theluthi mbili za gari.

Wengi hapa hukimbilia kukadiria kwenda namba ya karibu. Makubwa 4 na madogo 3 yanagharimu laki 26, na chama kina 25. Ukishusha zote mbili, makubwa 3 na madogo 3, fedha zinatosha lakini mzigo unaanguka hadi tani 42, huku dereva mmoja na laki 4 vikikaa bure. Kukadiria kumekosea pande zote mbili, na hakuna kitu ndani yake kinachokuonya.

Gomory alirudi kwenye jedwali lenyewe. Chukua mstari wa M na utenganishe kila namba kuwa sehemu kamili na kipande chanya kinachobaki. Namba 11/3 ni 3 na 2/3. Namba −2/3 ni −1 na 1/3. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa sababu kipande lazima kiwe chanya, kwa hiyo tunashuka hadi −1 kisha tunapanda 1/3. Namba 1/3 haina sehemu kamili. Weka sehemu kamili kushoto na vipande kulia:

```
M − k − 3 = 2/3 − (1/3)k − (1/3)b
```

Tazama upande wa kushoto. Malori hayagawanyiki na madereva hawagawanyiki, kwa hiyo upande huo lazima uwe namba kamili. Upande wa kulia unaanzia 2/3 na unaweza kushuka tu, kwa kuwa k na b haziwi chini ya sifuri. Namba kamili isiyozidi 2/3 ni sifuri au iliyo chini ya sifuri. Basi upande wa kulia hauwezi kuzidi sifuri, na hilo ndilo sharti jipya:

```
k + b ≥ 2
```

Yaani idadi ya madereva waliokosa lori, ukiijumlisha na laki zilizobaki, lazima ifike 2. Hakuna aliyeliweka sharti hili. Lilikuwa limejificha ndani ya ukweli kwamba malori ni namba kamili. Ukilirudisha kwenye malori kwa kutumia milinganyo ya mwanzo, linakuwa 2M + D ≤ 10. Jibu letu la 3.67 na 3.33 linatoa 10.67, kwa hiyo limekatwa. Lakini mpango wowote halali wa malori kamili umebaki. Makubwa 5 bila dogo, makubwa 4 na madogo 2, makubwa 3 na madogo 4: yote matatu yanatoa 10 kamili, yaani yamekaa juu ya mstari wa mkato wenyewe. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa jambo hili: mkato umesogea mpaka ukayagusa majibu halali, bila kuliondoa hata moja.

Sasa sharti linaongezwa chini ya jedwali kama mstari wa tatu. Jibu la zamani linalivunja, basi lazima tukubali ama madereva wakae au laki zibaki. Jedwali linatuambia gharama ya kila moja: kila dereva anayekaa anapunguza mzigo kwa tani 7/3, na kila laki inayobaki inaupunguza kwa tani 4/3. Kubakiza fedha ni nafuu, kwa hiyo b inakuwa 2 na k inabaki sifuri. Tunapata makubwa 3 na madogo 4, yenye tani 47. Gharama ni laki 23, na madereva wote 7 wana kazi. Kwa kuwa mkato haukuondoa mpango wowote wa namba kamili, hakuna mpango mwingine unaoweza kupita tani 47.

Tumemaliza kwa mkato mmoja, lakini ilitegemea mstari tuliouchagua. Tungekata kwa mstari wa D, tungepata k + b ≥ 1/2 tu. Huo ni mkato halali lakini dhaifu: jibu lingekuwa makubwa 3.5 na madogo 3.5, na ingebidi kukata tena. Lazima pia bei ziwe namba kamili katika kipimo kinachotumika. Kama bei zingekuwa na nusu laki, b ingeweza kubeba nusu, na mkato ungeweza kuondoa jibu halali. Dawa ni kuandika fedha zote kwa maelfu kabla ya kuanza.

Gomory alithibitisha kwamba njia yake, ikifuatwa kwa utaratibu maalumu, hufika mwisho. Hata hivyo, kwa miaka mingi wengi waliiona haifai kwa kazi kubwa. Mikato ilirundikana, kila mmoja ukisogeza jibu kidogo mno, na makosa madogo ya desimali ndani ya kompyuta yakaongezeka. Kompyuta ikiona malori 2.9999999, haijui kama hicho ni kipande cha kweli au ni vumbi la hesabu, na mkato uliojengwa juu ya vumbi unaweza kulitupa jibu sahihi. Mwaka 1996 Egon Balas, Sebastián Ceria, Gérard Cornuéjols na N. Natraj walionyesha kwamba mikato hiyo inafanya kazi vizuri ikiongezwa mingi kwa mpigo, kutoka kila mstari wenye kipande, kisha ikaunganishwa na njia ya kugawa tatizo katika matawi: tawi la makubwa yasiyozidi 3, na tawi la makubwa kuanzia 4. Programu za kupanga magari za leo hufanya hivyo, na mstari ambao kipande chake kinakaribia mno sifuri au moja huuruka bila kuukata.