Saa Mbili Usiku, ya Wapi?

Ukisimama kwenye vilima vya upande wa magharibi wa Kaisho, wilayani Kyerwa, bonde la Mto Kagera liko mbele yako na ng'ambo yake ni Rwanda. Jua linalowaka huku ndilo linalowaka kule, na watu wa kingo zote mbili huanza kuota moto wa asubuhi kwa pamoja. Lakini saa zao zinapishana kwa saa nzima. Kaisho inafuata saa za Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya saa ya msingi ya dunia iitwayo UTC. Rwanda inafuata saa za Afrika ya Kati, saa 2 mbele ya UTC. Huku ikiwa saa mbili usiku, kule ni saa moja.

Kijiografia, saa za Rwanda ndizo zilizo karibu zaidi na jua. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kufuata mstari wa digrii 45 mashariki, nao uko mbali sana na Kagera, kwani Kaisho ipo kati ya digrii 30 na 31. Kila digrii moja jua huikata kwa dakika 4, hivyo kwa wastani jua la utosi hufika Kaisho saa saba kasoro dakika chache, wala si saa sita kamili. Anayeandika tangazo la mkutano wa mtandaoni akiwa huku hawezi kutegemea jua wala mazoea. Hata simu si ya kuaminiwa moja kwa moja: iliyowekwa ijipange saa yenyewe, ikijiunga na mtandao wa ng'ambo ya mto, inaweza kurudi nyuma saa nzima bila mwenyewe kuigusa.

Tuchukue mfano. Wazawa wa Kaisho wanataka kukutana mtandaoni kuchangia ujenzi wa madarasa. Wengine wako nyumbani, wengine Kigali, Maskati, London, Minneapolis, na mmoja Sydney. Wamekubaliana Jumamosi, 31 Oktoba 2026, saa mbili usiku kwa saa za nyumbani. Katibu anaandika: "Mkutano saa 2:00 usiku, wote mnakaribishwa."

Kwa aliyeko Kaisho hapo hakuna utata. Kijana aliyezaliwa Minneapolis, ambaye simu yake huhesabu kuanzia usiku wa manane, ataisoma hiyo 2:00 usiku kuwa saa nane za usiku. Hata mzazi wake anayejua hesabu yetu vizuri atajiuliza kama katibu amekwisha kumgeuzia saa au bado. Dawa yake ni kuandika muda kwa namna mbili zisizofanana kwa sura: hesabu yetu kwa maneno, "saa mbili usiku", na pembeni yake saa ya tarakimu ya mzunguko wa 24, "20:00". Tarakimu zenye nukta mbili zibaki kwa saa ya 24 peke yake. Ukiandika "2:00 usiku" mstari mmoja na "20:00" mstari wa pili, umemwachia msomaji kazi ya kukisia.

Sasa katibu anataka kuorodhesha miji. Anaandika tangazo mwezi Septemba, anampigia ndugu yake wa London na kumuuliza, "Huko saa ngapi?" Anagundua London iko nyuma kwa saa 2, basi anaandika London 18:00. Hapo ndipo anapowapotosha. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 25. Siku ya mkutano London itakuwa nyuma yetu kwa saa 3, na saa yao itakuwa 17:00. Watakaoingia saa 18:00 watakuta kwetu ni saa tatu usiku, ahadi zimekwisha kusomwa na watu wanaagana.

Marekani nayo ina tarehe zake. Huko saa hurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani siku moja baada ya mkutano wetu. Kwa hiyo tarehe 31 Minneapolis bado iko nyuma yetu kwa saa 8, mkutano utaanza adhuhuri. Katibu anayejua kwamba "Wazungu wamekwisha kurudisha saa" akaipunguzia Minneapolis saa moja kwa kufuata London, naye atakosea, safari hii kwa upande wa pili. Kuna juma moja kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, ambapo tofauti ya London na Amerika si ile iliyozoeleka, na mwezi Machi huwa majuma mawili au matatu. Mikutano inayoangukia hapo ndiyo ya kuangaliwa kwa macho mawili.

Kanuni inayotoka hapa ni moja: tofauti ihesabiwe kwa tarehe ya mkutano, kamwe si kwa siku ya kuandika. Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuiuliza moja kwa moja:

```
TZ=America/Chicago date -d '2026-10-31T20:00+03:00'
```

Jibu litakuwa saa 12:00 ya Minneapolis, mji unaofuata saa za Chicago. Kompyuta inalijua hilo kwa sababu ndani yake mna jedwali la kanda za saa za dunia, lenye mabadiliko ya kila nchi. Jedwali hilo halina budi kuwa jipya. Sudan Kusini ilihama kutoka saa 3 kwenda saa 2 mbele ya UTC tarehe 1 Februari 2021, na orodha ya zamani inayoiweka Juba pamoja na Nairobi sasa inadanganya.

Vifupisho vya herufi tatu navyo viachwe. Wengi huandika EST kwa mji wa Toronto mwaka mzima, ilhali tarehe 31 Oktoba Toronto haiko kwenye saa hiyo, bali kwenye EDT. CST inaweza kuwa ya Chicago au ya China. Jina la mji halina shida hiyo, kwa kuwa kila mtu anaujua mji anaoishi. Hivyo tangazo likae hivi:

Jumamosi, 31 Oktoba 2026, saa mbili kamili usiku kwa saa za Tanzania (20:00, UTC+3).
Kigali: Jumamosi 19:00
Maskati: Jumamosi 21:00
London: Jumamosi 17:00
Minneapolis: Jumamosi 12:00 (adhuhuri)
Sydney: Jumapili, 1 Novemba, 04:00 (alfajiri)

Siku imerudiwa kila mstari kwa ajili ya yule wa Sydney, ambaye kwake itakuwa tayari Jumapili. Kwetu pia jambo hili lina uzito, kwani kuna wazee ambao usiku wa Jumapili kwao ni ule unaoanza Jumamosi jua linapozama. Tarehe ikisimama karibu na saa, mabishano hayo hayazuki. Mstari wa kwanza ndio wenye mamlaka: miji mingine ikikosewa, msomaji anarudi kwenye ule wa UTC+3 na kujihesabia mwenyewe.

Mkutano ukiahirishwa kwa juma moja, hadi 7 Novemba, haitoshi kubadili tarehe tu. Kaisho, Kigali, Maskati, London na Sydney zitabaki na saa zile zile, lakini Minneapolis itakuwa 11:00. Tangazo jipya litoke na orodha nzima iliyohesabiwa upya, na juu kabisa liandikwe kwamba linafuta lile la tarehe 31 Oktoba, maana la kwanza litaendelea kuzunguka kwenye simu za watu.