Hesabu Ndogo, Mwili Mchovu

"Imepiga picha 21,000 tu, kaka, bado mpya hii," muuzaji aliniambia, akisogeza Nikon D7200 juu ya kaunta. Shata ya kamera hiyo ilijaribiwa kiwandani hadi mibofyo 150,000, kwa hiyo hesabu yake ilinivutia. Nikataka kuiona kwa macho yangu.

Nikon huandika hesabu ya shata ndani ya picha yenyewe. Niliweka kadi yangu, nikapiga picha moja ya JPEG, nikaihamishia kwenye laptop na kuisoma kwa ExifTool, programu ya bure:

```
exiftool -ShutterCount DSC_0001.JPG
```

Ikaja 21,340. Hakudanganya. Picha ya kupimia lazima itoke kwenye kamera moja kwa moja, maana ikipita WhatsApp taarifa hizo hufutika. Namba ya faili nayo isikuhadae: ikifika 9999 huanza upya, na mtu anaweza kuirudisha mwanzo kwenye menyu. Kwa Canon nyingi hesabu haimo kwenye picha; huna budi kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu maalumu.

Nikaigeuza kamera. Kuzunguka tundu la stendi rangi ilikuwa imekwanguka, chuma kinang'aa. Mpira wa kushikia ulikuwa umelegea na kuvimba pale kidole gumba kinapokaa. Picha 21,000 hazichoshi mwili hivyo.

"Ilikuwa inarekodi harusi?"

Akacheka. "Video, ndiyo. Lakini picha haikupiga sana."

Jibu lilikuwa hapo. Ukirekodi video, shata hukaa wazi muda wote, kwa hiyo dakika 20 za maharusi wakicheza haziongezi hesabu kama picha 200 zingeiongeza. Wakati huo sensa inafanya kazi na kupata joto, vitufe vinabonyezwa, na kamera inafungwa na kufunguliwa kwenye stendi. Hesabu ya shata ni umri wa shata tu.

Nikaweka tundu la lenzi f/16, nikapiga dari jeupe bila kulenga vizuri. Madoa matatu meusi yakatokea. Nilipopuliza sensa kwa kipulizio cha mpira, mawili yakaondoka, la tatu likabaki palepale. Kisha nikaelekeza kamera angani, mbali na jua, kwa kasi ya 1/8000. Shata iliyochoka huacha ukanda mweusi upande mmoja wa picha. Hii ilitoa rangi moja kote. Shata ilikuwa nzima kweli.

Mwisho nikaangalia skrubu za chini. Mbili vichwa vyake vilikuwa vimechubuka.

"Nani aliifungua?"

Muuzaji akatazama simu yake. Nikatoa kadi yangu, nikamrudishia kamera.