Saa tano usiku, simu ya msaidizi rika

Ujumbe unaingia saa tano usiku: "Dada, usiku wa tatu huu sijalala. Nitumie elfu tano ya nauli ya kliniki. Na tafadhali usimwambie nesi kwamba nimeacha dawa."

Aliyetumiwa ujumbe si daktari wala si ndugu. Ni msaidizi rika: mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, akarejea kwenye maisha yake, na sasa ameajiriwa kuwa karibu na wengine wanaopita njia hiyo hiyo. Kazi hii ipo hata kwetu. Katika hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kuugua walifundishwa kuwatembelea nyumbani wagonjwa walioruhusiwa kutoka wodini. Kuanzia mwaka 2018, mradi wa kimataifa uitwao UPSIDES uliifanyia kazi huduma hii katika miji sita, ikiwemo Dar es Salaam na Kampala. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu usaidizi wa mtu na mwenzake.

Msingi wa huduma hii ni kwamba kupona hakupimwi kwa dalili peke yake. Mtu anaweza kuwa bado anasikia sauti lakini ana kazi, ana marafiki, na anaamua mambo yake mwenyewe. Msaidizi rika ana kitu ambacho wataalamu wengi hawana: yaliyomkuta mwenzake yamemkuta na yeye. Lakini ukaribu huo ndio unaoleta maswali magumu, na ujumbe ule mfupi umebeba matatu kwa mpigo: muda, fedha na siri. Mafunzo yanayostahili jina hilo hayamwachi msaidizi akutane na maswali hayo kwa mara ya kwanza akiwa peke yake usiku.

Mipaka hufundishwa kwa mazoezi

Kosa la kawaida la mtaala ni kuiweka mipaka kwenye hotuba ya saa moja yenye orodha ya makatazo. Washiriki huitika kwa vichwa, wakifika mtaani yote yanawatoka. Njia inayofaa ni igizo. Mshiriki mmoja anakuwa yule kijana, mwingine msaidizi, wa tatu anatazama na kuandika. Kisha wanabadilishana nafasi.

Tuufuate ujumbe wetu. Jambo la kwanza ni usalama. Kwa kuwa msaidizi ameuona, anauliza waziwazi: "Mdogo wangu, nimekusoma. Je, una mawazo ya kujidhuru au kufa?" Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, saa za kazi hazihesabiki tena. Msaidizi anampigia mtu wa zamu aliyetajwa kwenye mpango wa dharura, na anahakikisha kijana hayuko peke yake. Akijibu hapana, mazungumzo yanaahirishwa hadi asubuhi, kama walivyokubaliana siku ya kwanza kuhusu saa za simu.

Fedha zinafuata. Akitoa elfu tano mfukoni leo, wiki ijayo kijana ataona haya kumwambia kwamba hakwenda kliniki, na uhusiano wao utakuwa na deni ndani yake. Msaidizi hatoi fedha zake, lakini pia hamwachi na neno "siwezi" peke yake. Anamwahidi kwamba kesho wataongea na afisa ustawi wa jamii kuhusu nauli, au wataomba miadi isogezwe.

La siri ndilo zito zaidi. Msaidizi akimripoti kwa nesi kimyakimya, imani imekufa. Akinyamaza, amebeba hatari isiyo yake. Jibu linategemea maneno yaliyosemwa siku ya kwanza kabisa: mengi yatabaki kati yetu, lakini jambo linalogusa usalama wako nitalifikisha kwa timu, na nitakuambia kabla ya kufanya hivyo. Kwa hiyo asubuhi anamwambia: "Hili sitalificha. Ila ningependa ulisema wewe mwenyewe, nami nitakuwa nimekaa kando yako." Kisha anauliza kilichomfanya aache dawa. Huenda mikono inamtetemeka, au usingizi wa mchana umemnyima kibarua. Wanayaandika hayo pamoja ili daktari ayasikie. Msaidizi hasemi "endelea kuacha" wala "rudi kumeza". Uamuzi huo si wake.

Mipaka pia lazima ilingane na mahali. Sheria iliyoandikwa Ulaya inaweza kumkataza msaidizi kupokea chochote kwa mgonjwa. Huku kwetu, kumkatalia mama mwenye nyumba kikombe cha chai ni kumdharau. Basi kikundi cha mafunzo kinapanga chenyewe: chai inapokelewa, bahasha hapana. Uhusiano wa kimapenzi na mtu unayemhudumia haujadiliwi, umekatazwa. Na kabla ya kutembelea nyumbani, mwenyewe anaulizwa kama yuko tayari majirani waone, au ni heri wakutane kwingine.

Kisa chako, kwa kipimo

Zana kuu ya msaidizi rika ni kisa cha maisha yake, na ndiyo inayoweza kuharibu kazi. Zoezi moja ni kukisimulia kwa dakika 10, kisha kukisimulia tena kwa dakika 2, ukibakiza kinachomfaa msikilizaji tu. Kila sehemu inapimwa kwa swali: ninasema hili kwa faida ya nani? Sehemu ambayo bado inamtoa machozi au kumfanya atetemeke haijawa tayari kutolewa kazini. Mtazamaji wa igizo ataliona kosa mapema: msaidizi anazungumza, na kijana ndiye anayemfariji.

Kujitunza si jukumu la mtu mmoja

Kijana asiyelala anaweza kumkumbusha msaidizi usiku zake mwenyewe. Ndiyo maana mafunzo huwa na kipindi cha kuandika mpango wa kujitunza. Mfano unaojulikana sana ni WRAP, uliobuniwa mwaka 1997 na kikundi cha Vermont, Marekani, akiwemo Mary Ellen Copeland. Ndani yake mtu anaandika mambo yanayomweka sawa kila siku, yanayomvuruga, dalili zake za awali, na nani afanye nini hali ikiharibika. Mpango wa msaidizi wetu unaweza kusema: nikikosa usingizi usiku 2 mfululizo, nampigia dada yangu na msimamizi wangu, na matembezi ya wiki hiyo anapewa mwenzangu.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoonyesha kama huduma iko makini. Mpango haufai kitu kama hakuna mwenzake wa kupokea matembezi. Msaidizi anahitaji mshahara, vocha na nauli, simu ya kazi inayoweza kuzimwa, na kikao cha mara kwa mara cha usimamizi shirikishi. Msimamizi wake asiwe daktari anayemtibu, maana hapo atashindwa kukiri kwamba amechoka kwa kuogopa kuongezewa dawa. Akirudiwa na ugonjwa, apewe likizo ya ugonjwa kama mfanyakazi mwenye malaria, na nafasi yake imsubiri.

Mipaka inapoanza kubomoka, dalili huonekana kabla ya madhara. Msaidizi anasema "bila mimi hawezi". Anakutana na mtu bila kuandika. Anaacha kuhudhuria kliniki yake mwenyewe. Msimamizi aliyefundishwa hakimbilii kumkaripia. Anauliza ana watu wangapi mikononi, analala saa ngapi, na ni nani anayempigia usiku. Majibu yakionyesha kwamba amezidiwa, anampunguzia watu wiki hiyo hiyo.