Folda ya Pamoja Ikigoma, Mafaili Yapite Poti 2222

Asubuhi folda ya pamoja ilikuwa inafanya kazi vizuri. Jioni, baada ya Debian iliyomo ndani ya VirtualBox kusasishwa na kuwashwa upya, folda ikawa tupu, na kila jaribio la kuiunganisha kwa mkono likarudisha jibu lile lile: `unknown filesystem type 'vboxsf'`.

Chanzo chake si siri. Folda ya pamoja hutegemea kipande cha programu kiitwacho vboxsf, ambacho huja na Guest Additions na hutengenezwa upya kwa ajili ya kila toleo la kerneli. Kerneli ikibadilika kabla ya kipande hicho kutengenezwa upya, mashine pepe huwaka kama kawaida ila folda haionekani. Ziko pia mashine ambazo hazikuwahi kuwa nayo: OpenBSD, kwa mfano, haina Guest Additions kabisa, na seva nyingi za kujifunzia husimikwa bila hata kidirisha cha picha. Mtu anaweza kutumia jioni nzima kukitengeneza upya kipande hicho. Lakini kama anachotaka ni kuingiza faili moja na kutoa jingine, iko njia fupi zaidi, na inapita kwenye SSH.

SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, Mfini aliyekuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya wadukuzi kunasa manenosiri yaliyokuwa yakipita wazi kwenye mtandao wa chuo. Alipewa poti namba 22, katikati ya 21 ya FTP na 23 ya Telnet, itifaki mbili kongwe alizotaka kuziondoa. Kwa njia hiyo hiyo ya siri hupita pia mafaili, kwa kutumia amri mbili: `scp` na `sftp`. Windows 10 na 11 huwa nazo tayari, sawa na Mac na Linux. Upande wa Debian huenda kukahitajika amri moja tu:

```
sudo apt install openssh-server
```

Hapo ndipo wengi hukwama. Wanauliza anwani ya mashine pepe, wanaambiwa 10.0.2.15, wanaiandika kwenye Windows, kisha wanasubiri mpaka wachoke. VirtualBox huiweka mashine mpya kwenye mtandao wa aina ya NAT, ambao ni kama nyumba yenye mlinzi getini: walio ndani hutoka wapendavyo, wa nje haingii mpaka mlinzi awe ameagizwa. Hiyo 10.0.2.15 inajulikana ndani ya uzio tu. Tena karibu kila mashine ya NAT hupewa anwani hiyo hiyo, kwa hiyo haimtambulishi yeyote.

Agizo kwa mlinzi huandikwa kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya Network, chini ya kitufe cha Port Forwarding. Kanuni ni moja: Protocol ni TCP, Host IP ni 127.0.0.1, Host Port ni 2222, Guest Port ni 22, na Guest IP huachwa wazi. Ile 127.0.0.1 isirukwe. Ikiachwa wazi, poti 2222 husikiliza pande zote, na aliyeko kwenye waifai hiyo hiyo ya mgahawa anaweza kuja kujaribu manenosiri.

Tuchukue mwanafunzi wa takwimu anayefanya hesabu zake ndani ya Debian kwa jina la mtumiaji asha, huku data ikiwa kwenye Windows. Anafungua dirisha la amri ndani ya folda yenye data, kisha anaandika:

```
scp -P 2222 mauzo.csv asha@127.0.0.1:kazi/
```

Mara ya kwanza ataulizwa kama anaiamini mashine hiyo. Anajibu `yes`, anaandika nenosiri la Debian (halionekani likiandikwa, wala hakuna nyota), na faili linaondoka. Hesabu zikikamilika, matokeo hurudi kwa amri ile ile iliyogeuzwa:

```
scp -P 2222 asha@127.0.0.1:kazi/matokeo.pdf .
```

Nukta ya mwisho ni sehemu ya amri. Maana yake ni "liwekwe hapa nilipo". Na P ni herufi kubwa, tofauti na `ssh` inayotaka p ndogo kwa kazi hiyo hiyo. Amri zote mbili zinaendeshwa kutoka Windows, hata ile ya kutoa faili. Huo ndio ustaarabu ulio rahisi zaidi, kwani kusukuma faili kutoka ndani kwenda nje kungedai Windows nayo iwe na seva yake ya SSH.

Kosa linaloudhi kuliko yote halitoi onyo lolote. Mtu akiishia kwenye anwani bila kuweka nukta mbili, scp haioni kwamba ametaja mashine nyingine. Hunakili faili papo hapo kwenye Windows na kulipa jina `asha@127.0.0.1`. Hakuna lawama, hakuna kuulizwa nenosiri, na kule Debian hakuna kilichofika. Nenosiri lisipoulizwa, basi safari haikufanyika, isipokuwa kwa anayetumia funguo badala ya nenosiri.

Makosa yanayosema, yasomwe. `Connection refused` kwa kawaida maana yake ni kwamba kwenye poti 2222 hakuna anayesikiliza: kanuni haijaandikwa, au mashine pepe imezimwa. Mstari unaoanza na `kex_exchange_identification` ni habari nyingine. Hapo VirtualBox imepokea, lakini ndani hakuna aliyejibu. Mara nyingi openssh-server haijasimikwa au mashine bado inawaka. `Permission denied` baada ya nenosiri kukubaliwa huhusu folda tu: asha hana ruhusa ya kuandika ndani ya /var/www. Aliweke faili nyumbani kwake kwanza, kisha alihamishe akiwa ndani, kwa sudo. Na lile onyo refu lenye `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!` humtokea aliyefuta mashine na kujenga nyingine juu ya poti ile ile. Kama ni yeye mwenyewe aliyeijenga, anaondoa kumbukumbu ya zamani:

```
ssh-keygen -R "[127.0.0.1]:2222"
```

Tangu toleo la 9.0 la OpenSSH, lililotoka Aprili 2022, scp yenyewe hutumia SFTP kwa ndani. Kwa Debian hilo halisumbui. Kwa mifumo midogo inayotumia seva ya Dropbear, ambayo mara nyingi haina SFTP, uhamisho hukatika mara tu unapoanza. Kuongeza `-O`, herufi kubwa, huirudisha scp kwenye mtindo wake wa zamani.

Kwa mafaili mengi, au kwa asiyekumbuka alikoyaweka, `sftp -P 2222 asha@127.0.0.1` ni nafuu. Inamfungulia kikao ambamo `ls` na `cd` zinahusu Debian, `lcd` na `lpwd` zinahusu Windows, `put` inaingiza na `get` inatoa. WinSCP na FileZilla hufanya haya haya kwa kipanya, mradi zielekezwe kwenye SFTP, 127.0.0.1 na poti 2222.

Faida kubwa ya sftp huonekana kwenye mafaili mazito. Nakala ikikatika katikati, scp huanza mwanzo. `reput` huendelea ilipoishia. Ila reput huangalia ukubwa tu wa kile kilichokwisha kufika, haikagui kilichomo. Kwa hiyo kabla ya kufuta nakala ya Windows, alama ya faili hupimwa pande zote mbili: `certutil -hashfile picha.iso SHA256` kwenye Windows, `sha256sum picha.iso` ndani ya Debian. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, lililofika linafutwa na `put` inaanza upya.