Barua fupi kwa mama mwenye duka

Karatasi ya mashine ya EFD inapokaribia kwisha, mstari mwekundu huanza kuonekana pembeni mwa risiti. Mwenye duka akiuona, anajua amebakiza wateja wachache tu. Kama kabatini hakuna rola nyingine, afunge duka akaitafute mjini, amlipe bodaboda amletee, au auze bila kutoa risiti na kujitafutia balaa. Kwa mama anayeuza daftari na kalamu peke yake huko Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam, hayo yote ni hasara.

Tuseme kuna kijana anayeuza rola hizo kutoka Mwenge. Hamjui mama huyo, wala mama hamjui yeye. Anachokijua ni anuani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye bango la duka, chini ya namba ya simu. Anataka kumwandikia. Swali lililo mbele yake linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kila kitu: sentensi ya kwanza iseme nini?

Wauzaji wengi huanza na wao wenyewe. Barua zao zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kuzimalizia bila kuzisoma: “Ndugu mteja mtarajiwa, tunayo furaha kubwa kukutaarifu kuwa kampuni yetu inajihusisha na usambazaji wa bidhaa bora za kisasa kwa bei nafuu.” Juu yake kuna kichwa cha herufi kubwa, OFA KABAMBE USIKOSE, na chini kuna faili zito lenye picha za bidhaa thelathini. Mama wa Tegeta anasoma kwenye simu, huku mtoto wa shule akisubiri chenji. Faili lile litamla bando. Na mpaka hapo hajaambiwa yeye atapata nini.

Kijana wa Mwenge angeweza kuandika hivi. Kichwa cha barua: “Rola za EFD kuletwa dukani Tegeta”. Kisha barua yenyewe:

“Habari za kazi mama,

Rola za EFD zinaweza kukufikia hapo dukani bila wewe kufunga wala kumtuma mtu mjini.

Nimeona kwenye bango la duka kuwa mnauza vifaa vya shule na mko wazi mpaka saa 2 usiku. Kila Jumanne asubuhi huwa napita Tegeta na rola za milimita 57. Boksi la rola 10 ni shilingi 15,000, usafiri umo humo, na unalipa ukishapokea.

Ukipenda, nijibu ‘ndiyo’, nami Jumanne nitakuja na rola moja uijaribu kwanza. Kama huhitaji, hakuna shida, wala sitakuandikia tena.”

Chini anaweka jina lake, mahali anapofanyia kazi na namba ya simu. Basi. Maneno ya barua hayafiki themanini, na kichwa chake kina herufi chache za kutosha kuonekana chote kwenye simu bila kukatwa katikati.

Uzito wa barua hii uko kwenye ile sentensi ya rola kufika dukani. Rola za milimita 57 ni sifa ya bidhaa. Kutofunga duka ni faida ya mama. Muuzaji anayeishi na bidhaa yake kila siku huona sifa kwanza, kwa sababu ndizo anazozihesabu stoo: upana, urefu, unene wa karatasi. Mnunuzi yuko upande wa pili wa kaunta, na kutoka pale anaona foleni, mashine inayokataa kutoa risiti, na nauli ya kwenda mjini. Ndiyo maana upana wa rola haukutupwa. Umesogezwa chini, mahali ambapo msomaji aliyekwisha kuvutiwa ataanza kujiuliza kama karatasi hiyo itaingia kwenye mashine yake.

Faida ya namna hii haipatikani kwa kukaa ofisini na kufikiri. Kijana anaipata kwa kwenda kununua kalamu kwenye duka mojawapo la barabarani na kusimama kidogo. Anaona mstari mwekundu, anamsikia mwenye duka akimwita jirani amwazime rola, anauliza huwa wanazinunua wapi na kwa kiasi gani. Maneno atakayoyasikia pale ndiyo ya kuandika. Kama wenye maduka wanasema “rola”, asiandike “karatasi maalumu za kuchapishia stakabadhi”. Na kama akigundua kwamba mtaa mzima una duka la jumla linalouza rola hizo hatua ishirini kutoka hapo, basi faida aliyoifikiria haipo, na barua haifai kuandikwa. Ni bora ajue hilo kabla ya kutuma.

Salamu nayo inataka uangalifu. “Mama” inakaa vizuri kama kijana amepita dukani na kumwona mwenyewe. Kama hakumwona, asibahatishe. Kumwita “kaka” mtu wa miaka sitini, au “mama” duka linaloendeshwa na mzee wa kiume, ni kumwonyesha kwamba barua imeandikwa na mtu asiyejua anazungumza na nani. “Habari za kazi, ndugu mwenye duka” inatosha, na haimvunjii mtu heshima. Ile sentensi ya bango inafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: inamwambia mama mahali anuani yake ilipopatikana, jambo ambalo mtu yeyote anayeandikiwa na mgeni hujiuliza kwanza.

Anuani zenyewe zina sheria zake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, ambayo inataka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake binafsi hazijatumika kibiashara. Kwa hiyo muuzaji makini hanunui orodha za anuani zinazozunguka mitaani. Anatumia ile ambayo duka lenyewe limeitangaza ili liandikiwe mambo ya biashara, na akiambiwa asiandike tena, haandiki.

Shinikizo ndilo linaloharibu barua nyingi ambazo zingekuwa nzuri. Mara nyingi halionekani kama ukali. “Leo tu”, wakati kesho bei itakuwa ileile, ni shinikizo. “Zimebaki boksi tatu”, wakati stoo imejaa, ni shinikizo na uongo pia. Kuomba dakika kumi na tano za mazungumzo ya simu ni kumdai mtu muda kabla hujampa kitu. Wengine huandika kichwa cha barua kama vile wanajibu mazungumzo ya zamani, kwa kutanguliza “Re:”, ili mwenye duka adhani aliwahi kuwaandikia. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za biashara inakataza vichwa vinavyodanganya, na inataka mpokeaji apewe njia ya kujiondoa. Akiomba kuondolewa, mtumaji ana siku 10 za kazi kutimiza.

Barua ya Tegeta ina tarehe pia, lakini ni ya aina tofauti. Jumanne ni siku ambayo kijana anapita kweli. Mama akiiacha Jumanne hii, ipo nyingine wiki ijayo kwa bei ileile. Jibu linaloombwa ni neno moja, na hata akilitoa hajanunua kitu. Amekubali tu kuona rola ikijaribiwa kwenye mashine yake. Malipo yanakuja baada ya kupokea, kwa sababu katika biashara hii anayepaswa kuaminiwa kwanza ni mgeni, na mgeni ni muuzaji.

Sentensi ya mwisho ndiyo wauzaji huiogopa zaidi. Kwa nini umfungulie mtu mlango wa kukataa? Kwa sababu mlango huo upo tayari. Mama anaweza kuifuta barua kwa kidole, au kubonyeza kitufe cha kuiripoti kuwa ni taka, na hilo la pili lina gharama. Google, wenye Gmail, wanawataka watumaji wasifikishe kiwango cha asilimia 0.3 cha barua zao kuripotiwa hivyo, yaani barua tatu katika kila elfu moja. Anayeripotiwa mara kwa mara hujikuta barua zake zinaangukia kwenye kasha la taka, hata zile za wateja waliomwomba bei wenyewe. Lakini ahadi ya kutoandika tena lazima itimizwe. Kijana anahitaji daftari lenye orodha ya waliokataa na waliokaa kimya, na asirudi kwao na “nakukumbusha tu barua yangu ya wiki iliyopita”. Kama anajijua kwamba atataka kukumbusha, aliondoe neno hilo kwenye barua kabla ya kutuma.

Kuna kishawishi kingine: kuandika barua moja na kuituma kwa maduka mia mbili kwa mkupuo. Kishawishi hiki ni cha zamani. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, akiwaalika kuja kuona kompyuta mpya zikionyeshwa. Maandishi yalikuwa ya herufi kubwa, na anuani zilikuwa nyingi hata zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Wapokeaji walilalamika vikali. Kijana wa Mwenge akituma barua ishirini, moja moja, kila moja ikitaja bango la duka husika, atatumia asubuhi nzima. Lakini ishirini hizo zitamfundisha kitu.

Atajifunza kwa kuangalia kinachorudi. Barua ikirudishwa na mfumo ikisema anuani haipo, huenda bango ni la zamani au herufi moja ilisomwa vibaya; barua haina kosa. Akiulizwa “wewe ni nani?”, jina na mahali havikuonekana vizuri. Akiulizwa “bei gani?” na bei imo ndani, basi imefichika katikati ya maneno. Kimya ndicho kigumu kukisoma. Maduka mengi madogo yana barua pepe iliyofunguliwa na mpwa au kijana wa steshenari siku ya kusajili biashara, na nywila yake imekwisha kusahaulika. Hapo hata barua bora haisomwi, na njia inayobaki ni kupita dukani kwa miguu.

Jibu la thamani kuliko yote linaweza kuwa la kukataa: “Asante, ila mashine yangu inatumia zile pana.” Maana yake mama amesoma mpaka mwisho, faida imemwingia, na kilichomzuia ni milimita. Mashine yake inatumia karatasi ya milimita 80, ambayo kijana hakuitaja kabisa. Jioni hiyo anaibadilisha sentensi moja: “napita Tegeta na rola nyembamba na pana”. Kisha anamjibu mama, kwa kuwa sasa ni yeye aliyeandika, na kumuuliza kama Jumanne amletee pana moja ya kujaribu.