Kusoma Kadi ya Chanjo Kutoka Marekani
Picha ya kadi ya mtoto aliyechanjwa Marekani inaonyesha: Pediarix, 03/05/2024. Je, ni 5 Machi au 3 Mei? Mstari mwingine, 07/18/2024, unatoa jibu: hakuna mwezi wa 18, hivyo kadi hii hutanguliza mwezi. Katika tafsiri andika “5 Machi 2024”.

Pediarix hukinga magonjwa matano, lakini isitafsiriwe “pentavalenti”. Zote mbili hukinga dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini B. La tano katika Pediarix ni polio. Katika pentavalenti yetu ni maambukizi ya Hib, bakteria wanaosababisha homa ya uti wa mgongo. Basi tafuta mstari wa Hib, kwa mfano ActHIB. Usipoonekana, mtafsiri asiujaze. Mhudumu wa chanjo ndiye ataamua kama dozi inahitajika.